Msaidizi haoni kurasa, au anaona kupita kiasi: dalili na sababu zake kwenye WordPress

Wiki ya kwanza ya Aprili, chumba Dodoma ni cha kutafuta kwa tochi. Bunge la Bajeti linaanza, na nyuma ya wabunge wanakuja madereva, waandishi wa habari na watumishi wenye mafaili ya wizara. Gesti iliyokuwa inalaza watu wanne kwa usiku inajaa hadi mwisho wa Juni, bei zinapanda, na simu yangu inaanza kuita, kwa sababu bei za zamani bado ziko kwenye tovuti.

Mwaka jana alipiga mama mmoja mwenye gesti ya vyumba 14 kule Ipagala.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu binti wa mapokezi nimemwambia aweke bei ya Bunge, anasema anaingia lakini kurasa hazioni. Si umpe tu nywila yako amalize?"

Nilimwomba anipe dakika kumi. Tovuti nyingi za gesti, shule na maduka ninazozihudumia hapa mjini ni za WordPress, zimelazwa kwenye hosti ya cPanel, na asilimia kubwa ya simu za namna hii huisha bila mtu kupewa nywila ya mwingine. Ukishajua cheo cha msaidizi kinamruhusu nini, na kitu anachotaka kubadilisha kinakaa wapi, jibu linajitokeza lenyewe. Ninachoeleza hapa ni kwa ajili ya WordPress unayoilaza mwenyewe kwenye hosti.

Kwanza muulize: upande wa kushoto unaona nini?

Usianze kwa kuuliza "una cheo gani", hajui. Mwambie akusomee menyu ya kushoto kwenye dashibodi, neno kwa neno. Akisoma Dashboard na Profile tu, yeye ni Subscriber. Akisoma Posts na Comments lakini hakuna Media, ni Contributor. Media ikiwepo na Pages isiwepo, ni Author. Pages ikiwepo na Settings isiwepo, ni Editor, na hicho ndicho cheo unachokitafuta. Akikusomea Plugins, Users na Settings, ni Administrator, na hapo tatizo ni la aina nyingine.

Editor pia ataona Tools. Usishtuke, kwake ndani yake hakuna cha kuharibu.

Angalizo la simu: wasaidizi wengi hawana kompyuta, wanaingia kwa simu ya mkononi. Kwenye kioo kidogo menyu yote inajificha nyuma ya vile vistari vitatu juu kushoto. Nimeshawahi kubadilisha cheo cha mtu mara mbili kabla ya kugundua kwamba hakuwa amebonyeza vile vistari. Na kwa anayetumia kompyuta, akishafungua ukurasa kuuhariri, kihariri huijaza skrini nzima na menyu inapotea; alama ya W au nembo ya tovuti iliyo juu kushoto ndiyo inayomrudisha.

Dalili: anaingia, lakini haoni chochote ila Profile

Ni Subscriber. Ukifungua Users na kuongeza mtu mpya, sanduku la Role linakuja limeshajazwa tayari na kile kilichowekwa kwenye Settings, General, New User Default Role, na tovuti isiyoguswa ina Subscriber hapo. Mwenye tovuti anajaza jina na barua pepe, anabonyeza, anaondoka. Dawa ni kurudi Users, kumbonyeza jina lake, kuchagua Editor kwenye Role, kisha kuhifadhi. Hahitaji kutoka na kuingia upya. Aupakie tu ukurasa upya.

Usije ukaamua kubadilisha ile New User Default Role iwe Editor ili kujiokolea kazi. Kama tovuti inaruhusu watu kujisajili wenyewe, kila anayejisajili atakuwa mhariri wako.

Iwapo hata kuingia hawezi, uliza barua ya mwaliko ilifika lini. Kiungo cha kuweka nywila kilichomo ndani yake kinaishi saa 24 tu. Binti aliyetumiwa Ijumaa na kuifungua Jumatatu atakutana na ujumbe kwamba kiungo kimekwisha muda. Abonyeze "Lost your password?" aanze upya, na aangalie pia kwenye barua taka.

Dalili: anaona Posts, haoni Pages

Huyu ndiye aliyekuwa binti wa Ipagala. Alipewa cheo cha Author, na mama alikichagua kwa nia njema kabisa: Author maana yake mwandishi, na kazi aliyompa ni kuandika. Jina linapotosha. Katika WordPress, Author anaandika na kuchapisha makala zake mwenyewe kwenye Posts, anapakia picha zake, basi. Kurasa za kudumu kama "Vyumba na Bei", "Tulipo" na "Mawasiliano" ni Pages, na Author hana ruhusa hata moja ya Pages, hata ule ambao wewe ungependa auandike kuanzia mwanzo. Contributor yuko chini zaidi: anaandika rasimu, hapakii picha, na mahali pa kitufe cha Publish anakuta "Submit for Review".

Kwa hiyo msaidizi wa kuhariri kurasa hana njia ya katikati kati ya vyeo vitano vya kawaida. Ni Editor. Na Editor ana nguvu kuliko wengi wanavyodhani, hivyo ni vizuri ujue unampa nini. Anahariri ukurasa wa mtu yeyote, anauchapisha, anauficha, anaufuta. Hagusi plagini, mandhari yaani theme, watumiaji wala Settings. Ukurasa akiufuta unakwenda Trash na kukaa humo siku 30, na mabadiliko ya maneno unaweza kuyarudisha kwenye Revisions, ambako kila toleo lina jina la aliyelihifadhi. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kukataa akaunti moja ya "mapokezi" ya kutumiwa na watu watatu wa zamu. Siku bei ya chumba ikiandikwa shilingi 6,000 badala ya 60,000, Revisions itakwambia "mapokezi", na utabaki unawatazama wote watatu.

Kuna kitu kimoja Editor hawezi kukifuta hata akitaka: ukurasa uliowekwa kuwa wa mbele wa tovuti. WordPress inadai ruhusa ya Administrator hapo. Kuuhariri anaweza.

Kama kufuta ndiko kunakokunyima usingizi, tengeneza cheo chako. Kwenye Terminal ya cPanel, ndani ya folda ya tovuti, na kama hosti imeweka WP-CLI, zana ya kuendesha WordPress kwa amri:

```
wp role create mhariri_kurasa "Mhariri wa Kurasa"
wp cap add mhariri_kurasa read upload_files edit_posts \
  edit_pages edit_others_pages edit_published_pages publish_pages
wp user set-role msaidizi mhariri_kurasa
```

Mahali pa `msaidizi` weka jina lake la kuingilia. Orodha hiyo haina ruhusa yoyote inayoanza na `delete_`, kwa hiyo kiungo cha Trash hakitamtokea kwenye kurasa. Ile `edit_posts` nimeiweka ili aweze kurekebisha maelezo ya picha alizopakia mwenyewe. Gharama yake ni kwamba ataona Posts na ataweza kuacha rasimu huko, ila hataweza kuzichapisha. Asiyependa Terminal anaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa kuweka tiki ndani ya plagini kama Members au User Role Editor.

Kwa gesti ya mama nilimpa binti cheo cha Editor cha kawaida. Watu wawili, kurasa sita, hakukuwa na haja ya zaidi.

Dalili: anaona Pages zote, ila ukurasa mmoja unamkatalia

Kurasa zote zina kiungo cha Edit, mmoja hauna, na akilazimisha anapata "Sorry, you are not allowed to edit this item" au maneno ya jamii hiyo. Nenda kwenye orodha ya Pages utazame pembeni ya kichwa cha ukurasa huo. Ikiwa pameandikwa "Privacy Policy Page", umepata sababu. Tangu toleo 4.9.6, ukurasa uliotajwa kuwa sera ya faragha haufunguki kwa Editor. Ni wa Administrator.

Kama ni sera ya faragha kweli, uache hivyo. Lakini mara mbili nimekuta aliyetengeneza tovuti alichagua ukurasa usio wake kwenye Settings, Privacy, pengine alikuwa anajaribu tu. Ukurasa wa "Mawasiliano" ukawa ndio sera ya faragha, na kwa miezi hakuna msaidizi aliyeweza kubadilisha namba ya simu. Unachagua ukurasa sahihi pale, na kufuli linafunguka papo hapo.

Sababu ya pili ni nyepesi: mtu mwingine ameuacha wazi. Msaidizi ataambiwa kwamba fulani anauhariri sasa hivi, na atapewa kitufe cha kuuchukua. Piga simu kwanza, muulize huyo fulani kama amehifadhi.

Ya tatu inahusu tovuti zilizojengwa kwa Elementor. Ina orodha yake ya vyeo, Role Manager, na mtu anaweza kuwa Editor halali wa WordPress huku Elementor imemfungia mlango. Dalili yake ni kwamba kitufe cha kuhariri kwa Elementor hakitokei. Angalia hapo kabla hujaanza kubadilisha cheo.

Dalili: amebadilisha bei ukurasani, lakini chini ya tovuti bado ni ya zamani

Hapa ndipo watu wanapokata tamaa na kutoa Administrator, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Binti wa Ipagala alipopata Editor, alibadilisha ukurasa wa "Vyumba na Bei" kwa dakika mbili, akiwa kwenye simu: chumba cha kawaida kutoka 45,000 hadi 60,000. Jioni mgeni mmoja akafika na simu mkononi, kidole kikiwa chini kabisa ya tovuti, palipoandikwa "Vyumba kuanzia 45,000/=". Binti akarudi kwenye ukurasa, akatafuta maneno hayo, hakuyaona. Mama akanipigia: "Mwanangu, mpe kila kitu, nimechoka kubishana na wateja."

Maneno yale hayakuwa ndani ya ukurasa. Yalikuwa kwenye futa, yaani kile kipande cha chini kinachojirudia kwenye kurasa zote, na futa ni sehemu ya mandhari. Vivyo hivyo menyu ya juu, nembo, na namba ya simu iliyoko kichwani mwa tovuti. Vyote hivyo viko nyuma ya ruhusa moja inayoitwa `edit_theme_options`, na Editor hanayo. Ni rahisi kumwongezea, na utakuta mafundi wanaoshauri hivyo. Mimi siitoi, kwa sababu haibagui: anayeipata ili abadilishe namba ya simu, anapata pia kubadilisha muundo wa kila ukurasa, rangi, maandishi, menyu na wijeti. Bonyezo moja la bahati mbaya kwenye kiolezo linahamisha tovuti nzima.

Njia ninayoipenda ni kukitoa kile kinachobadilika mara kwa mara nje ya mandhari. WordPress ina kitu kinachoitwa synced pattern. Kabla ya toleo 6.3 la 2023 kilikuwa kinaitwa reusable block. Ni kipande cha maandishi unachokiandika mara moja na kukiweka popote, na ukikibadilisha mahali pamoja kinabadilika kote. Jambo lenye faida kwetu ni kwamba kipande hicho hakihesabiwi kuwa mandhari. Ruhusa zake ni zilezile za Posts, na Editor anazo.

Nilifanya hivi. Nikiwa Administrator, nilifungua ukurasa wowote, nikaandika aya ya mistari miwili: "Vyumba kuanzia 60,000/=" na namba ya mapokezi. Nikaichagua, nikabonyeza vidoti vitatu, nikachagua Create pattern, nikaipa jina "Bei na simu" na kuacha Synced ikiwa imewashwa. Kisha nikaingia Appearance, Editor, nikafungua futa, nikafuta maneno ya zamani na kuweka "Bei na simu" mahali pake. Mwisho nikamtumia binti anwani hii, kwa kuanza na jina la tovuti yao:

```
/wp-admin/edit.php?post_type=wp_block
```

Akaihifadhi kwenye simu. Akiifungua anaikuta "Bei na simu" kwenye orodha, anaibonyeza, anabadilisha tarakimu, anahifadhi. Futa inabadilika kwenye kurasa zote, na hajawahi kuiona Appearance hata siku moja. Bunge lilipoahirishwa mwisho wa Juni alirudisha 45,000 mwenyewe, mimi nikiwa safarini Kondoa, wala hakunipigia.

Njia hii inataka mandhari ya vipande, yale ambayo Appearance yake ina menyu ya Editor ndani. Kwenye mandhari za zamani zenye wijeti inawezekana pia, mradi wijeti zenyewe ziwe za vipande. Kwa menyu, hakuna ujanja wa namna hii: kuongeza kitu kwenye menyu ya juu libaki jambo la mwenye tovuti. Hata hivyo menyu ya gesti hubadilika mara ngapi kwa mwaka?

Kama amehifadhi na bado anaona bei ya zamani, afungue tovuti kwenye dirisha la faragha la kivinjari kabla hajalalamika. Huenda ni nakala iliyohifadhiwa na plagini ya kashe. Hiyo ni ya wewe kuisafisha, yeye mara nyingi hatakuwa na kitufe.

Dalili: ni Editor, lakini anaona Settings au Appearance

Hii haipigiwi simu, maana msaidizi haoni tatizo. Utaigundua wewe, kwa kuingia na akaunti ya majaribio yenye cheo chake au kwa kuchungulia skrini yake.

Sababu ya kawaida ni mabaki. Ruhusa za vyeo hazikai ndani ya plagini. Zinaandikwa kwenye hifadhidata, katika `wp_user_roles`. Fundi wa kwanza aliweka plagini ya vyeo, akampa Editor `manage_options` ili amalize kazi ya siku moja, kisha akaifuta plagini akidhani kila kitu kimerudi. Hakikurudi. Kila Editor utakayemwongeza leo anairithi ruhusa hiyo.

Angalia kwa amri mbili:

```
wp cap list editor
wp user list-caps msaidizi
```

Ukiona `manage_options` au `edit_theme_options` kwenye orodha ya kwanza, kilichoharibika ni cheo chenyewe. Ikiwa iko kwenye ya pili tu, mtu huyo alipewa peke yake, au ana vyeo viwili kwa pamoja. Tiba zake:

```
wp role reset editor
wp user set-role msaidizi editor
wp user remove-cap msaidizi manage_options
```

Ya kwanza inarudisha Editor kama alivyozaliwa, na itaondoa pia ruhusa zilizoongezwa na plagini halali. Plagini hizo mara nyingi huzirudisha ukizizima na kuziwasha tena. Ya pili inamwachia cheo kimoja tu. Ya tatu ni kwa ruhusa aliyopewa yeye binafsi.

Kuna na ruhusa ambazo si mabaki ila bado zinafaa kujulikana. Plagini ya fomu, Contact Form 7, kwa kawaida yake inamruhusu Editor kuhariri fomu, pamoja na anwani ambayo maombi ya vyumba yanatumwa. Bofyo moja lisilokusudiwa pale, na maombi yanakwenda kusikojulikana huku tovuti ikionekana nzima. Na kama unauza kwa WooCommerce, usimpe msaidizi wa kurasa cheo cha Shop Manager kwa sababu tu kina jina la kupendeza. Kinafungua mipangilio ya WooCommerce yote, ikiwemo sehemu ya Payments.

Dalili: ni Editor safi, lakini ameifikia bili

Ankara ya hosti haimo ndani ya WordPress. Hata Administrator haioni. Iko kwenye akaunti ya mteja ya kampuni ya hosti, na ya domeni iko kwa aliyekusajilia hiyo .co.tz. Kwa hiyo msaidizi akiigusa bili, hakupitia cheo ulichompa. Alipitia barua pepe.

Hili limenikuta mimi. Tovuti moja niliyokuwa naitunza, si hii ya Ipagala, niliifungulia akaunti ya hosti kwa barua pepe ileile ya maombi ya vyumba, kwa kuwa ndiyo pekee waliyokuwa nayo. Baadaye msaidizi akapewa kisanduku hicho ili ajibu wageni. Akawa anaona barua za "Invoice Payment Reminder" za Kiingereza, akadhani ni matapeli, akazifuta moja baada ya nyingine. Alifanya kile ambacho mtu mwangalifu angefanya. Hosti ikazimwa Mei, katikati ya Bunge, na kosa lilikuwa langu.

Na kisanduku hicho kina hatari nyingine iliyo mbaya kuliko ankara. Fungua Users, utazame barua pepe ya yule Administrator. Kama ni hiyohiyo ya maombi, basi yeyote anayeisoma anaweza kwenda kwenye ukurasa wa kuingia, kubonyeza "Lost your password?", na dakika moja baadaye akawa Administrator. Cheo cha Editor ulichompa kwa uangalifu wote hakina kazi tena. Nywila ya cPanel vilevile: anayeweza kuiomba upya kwa barua pepe hiyo anafika kwenye mafaili na hifadhidata.

Kwa hiyo ziwe anwani mbili. Moja ya wageni, inafunguliwa na mapokezi. Nyingine ya mwenye mali, inafunguliwa na mwenye mali kwenye simu yake, na hiyo ndiyo iwe kwenye akaunti ya hosti, kwenye usajili wa domeni, kwa yule Administrator, na kwenye Administration Email Address ndani ya Settings, General. Ukibadilisha hiyo ya mwisho, WordPress hutuma barua ya kuthibitisha kwenye anwani mpya. Bila kuibonyeza hakuna kilichobadilika.

Msaidizi wa kurasa hana sababu ya kuwa na akaunti kwa kampuni ya hosti. Akihitajika mtu wa kufuatilia tiketi za ufundi, kampuni nyingi zinatumia mfumo wa WHMCS, na humo kuna User Management ambako unamwalika kwa barua pepe yake mwenyewe na kuchagua anachoruhusiwa. Acha "View & Pay Invoices" bila tiki.

Dalili: msaidizi aliondoka, na picha zimepotea

Mwisho wa Bunge wasaidizi wa muda huondoka, na mwenye tovuti anakwenda Users na kubonyeza Delete. WordPress inamuuliza kazi za mtu huyo zifanywe nini, na chaguo la juu ni kufuta zote. Akilichagua, kurasa alizoandika huyo mtu zinakwenda Trash, unazo siku 30 za kuzirudisha. Picha alizopakia hazipiti Trash. Zinafutwa moja kwa moja, na faili zake kwenye seva pia, kisha kila ukurasa uliozitumia unabaki na mraba mtupu. Njia pekee ya kuzipata ni nakala ya akiba ya hosti.

Chagua "Attribute all content to" na jina la mwenye tovuti. Au usimfute kabisa: fungua jina lake, weka Role kuwa "No role for this site", kisha bonyeza Log Out Everywhere ili simu aliyokuwa ameingilia itoke. Akirudi Aprili, unamrudishia Editor na kazi zake ziko na jina lake kama zilivyokuwa.